Kuosha na kuanika mkeka katika Nyanda za Juu Kusini

Kuosha na kuanika mkeka ni kazi ya nyumbani ya kuondoa uchafu kwenye mkeka uliosukwa kwa ukindu, milulu, matete au majani mengine makavu, kisha kuutoa maji yote kabla haujaota ukungu. Katika mikoa ya Mbeya na Iringa, kusini-magharibi mwa Tanzania, sehemu ngumu ya kazi hii ni kuanika. Miji ya Mbeya na Iringa iko kwenye mwinuko wa kati ya mita 1,500 na 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku wake ni wa baridi. Mkeka ulioonekana mkavu saa tisa alasiri unaweza kuwa na unyevu tena saa mbili usiku kama uliachwa nje, na ukikunjwa katika hali hiyo huanza kunuka uvundo baada ya siku chache.

## Ukungu wa mkeka

Neno *ukungu* katika Kiswahili lina maana mbili: mvuke mzito unaotanda juu ya ardhi asubuhi, na kuvu wanaoota juu ya vitu vyenye unyevu. Kuvu hao huitwa pia *koga*. Huzaliana kwa vijimbegu vidogo sana visivyoonekana kwa macho, ambavyo huwa hewani wakati wote na hutua juu ya kila kitu nyumbani. Kwa hiyo hakuna mkeka usio na vijimbegu hivyo, hata ukiwa mpya. Kinachoamua kama vitaota ni maji.

Majani na mabua yaliyokauka ni chakula cha kuvu, na jasho, maziwa, uji au mkojo wa mtoto uliomwagika juu yake huongeza chakula hicho. Kuvu wengi wa nyumbani huanza kuota pale hewa inayogusa mkeka inapokuwa na unyevu wa asilimia 80 au zaidi kwa muda wa kutosha. Mkeka uliolowa huhitaji siku moja hadi mbili tu kabla ukungu haujaanza kuota ndani ya nyuzi zake. Baridi ya Mbeya au Iringa hupunguza kasi hiyo lakini haiizuii, na wakati huohuo huchelewesha mkeka kukauka.

## Mahali maji yanapojificha

Mkeka haukauki kwa usawa. Uso wake hukauka kwanza, na mtu anayeupapasa kwa kiganja hudhani kazi imekwisha. Maji hubaki katika sehemu tatu.

Sehemu ya kwanza ni mishono. Mkeka wa ukindu husukwa kwanza kuwa *ukili*, yaani utepe mrefu mwembamba, kisha kili kadhaa hushonwa pamoja ubavu kwa ubavu hadi upana unaotakiwa upatikane. Pale kili mbili zinapokutana majani hupandana, na uzi wa kushonea hupita katikati yake. Hewa haipiti hapo kwa urahisi.

Sehemu ya pili ni pindo. Ncha za majani hukunjwa kurudi ndani, kwa hiyo ukingo wa mkeka ni mnene kuliko katikati. Mikeka mingine huzungushiwa kitambaa ukingoni, na kitambaa hicho hunyonya maji kuliko jani lenyewe. Ndiyo maana madoa meusi mara nyingi huonekana kwanza pembeni.

Sehemu ya tatu ni ndani ya mmea wenyewe. Jani la ukindu ni jembamba na lina ngozi laini inayoteleza, hivyo maji huliacha mapema. Mabua ya mimea ya majini, kama mafunjo, yana nyama ya ndani yenye vijitundu vingi kama sifongo. Mkeka wa mabua ya namna hiyo ukilowekwa hunywa maji hadi ndani, na unahitaji muda mrefu zaidi kukauka kuliko wa ukindu. Milulu, nyasi za mabondeni ambazo wanawake wa Kihehe huzitumia kusuka vikapu vinavyojulikana kama vikapu vya Iringa, nazo hutendewa kwa tahadhari hiyo: hupanguswa kwa kitambaa badala ya kulowekwa.

## Siku inayofaa

Mvua za Nyanda za Juu Kusini hunyesha katika msimu mmoja, kwa kawaida kuanzia Novemba hadi Aprili au mwanzoni mwa Mei. Juni hadi Agosti ni kipupwe: mchana huwa na jua na hewa kavu katika sehemu nyingi, na usiku huwa na baridi kali. Septemba na Oktoba ni miezi ya joto na ukavu, na ndiyo bora kuliko yote kwa kuosha mikeka.

Lakini mikoa hiyo haina hali ya hewa moja. Upande wa mji wa Iringa ni mkavu. Milima ya Mufindi hupata ukungu na manyunyu hata wakati wa kipupwe. Tukuyu, katika wilaya ya Rungwe, ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi sana Tanzania, na Kyela iliyo chini kandokando ya Ziwa Nyasa ina joto pamoja na unyevu mwingi. Mwenyeji wa Tukuyu hawezi kufuata ratiba ya mwenyeji wa Iringa.

Kanuni inayofaa kote ni kuosha mkeka pale tu siku mbili mfululizo zinapotazamiwa kuwa na jua au upepo mkavu. Siku ya kwanza hutoa maji ya juu, na ya pili hutoa yaliyobaki katika mishono. Pasipo siku hizo mbili, mkeka hukung'utwa na kupanguswa tu.

## Namna ya kuosha

Kazi huanza asubuhi umande unapokwisha, yaani kwenye saa tatu. Mkeka hukung'utwa nje, kisha hulazwa kifudifudi na kupigwa polepole kwa fimbo nyembamba ili mchanga ulioingia kati ya majani udondoke. Mchanga ukibaki, maji huufanya kuwa tope linaloziba vitundu vya msuko. Baada ya hapo hupigwa brashi laini kwa kufuata mwelekeo wa ukili. Kupiga brashi kwa kukata msuko huinua ncha za majani na kuzivunja.

Mkeka wenye rangi hujaribiwa kabla ya kuoshwa. Kitambaa cheupe kilicholowa hukandamizwa kwa dakika moja juu ya kila rangi, pembeni mahali pasipoonekana. Kitambaa kikitoka na rangi, mkeka huo haumwagiwi maji.

Huandaliwa ndoo mbili za maji baridi, kila moja lita 10 hivi. Katika ya kwanza hukorogwa kijiko kimoja cha chakula cha sabuni ya unga, na ya pili huachwa na maji matupu. Sabuni nyingi haisafishi zaidi. Inayobaki katika mishono hushika vumbi na unyevu, na mkeka huwa na hali ya kunata. Mkeka huegemezwa kwenye ubao au ukuta safi ili maji yashuke, hauwekwi ndani ya beseni. Husuguliwa kwa kitambaa au brashi laini iliyochovywa katika maji ya sabuni, kili chache kwa wakati mmoja, kisha sehemu hiyo husuuzwa kabla ya kuendelea na nyingine. Kazi yote isizidi robo saa hivi, kwa kuwa kila dakika ya kulowa huongeza maji yanayoingia ndani ya nyuzi.

Mkeka haukamuliwi kama nguo, kwani majani yaliyolowa yakisokotwa huvunjika. Hutandazwa juu ya khanga au taulo kuukuu, hufunikwa kwa nyingine, kisha hukunjwa pamoja kama mviringo mlegevu na kukandamizwa kwa viganja. Vitambaa hunyonya sehemu kubwa ya maji ambayo jua lingechukua saa kadhaa kuyaondoa.

## Namna ya kuanika

Kutandaza mkeka chini kwenye nyasi au saruji ni kosa la kawaida, kwani uso wa juu hukauka huku wa chini ukibaki na mvuke usio na pa kwenda. Kuutundika kwenye kamba moja ya nguo nako kuna hasara: uzito wa maji huuvuta, na mahali unapokunjika juu ya kamba hubaki alama au kukatika.

Mahali bora ni juu ya kichanja cha vyombo kilicho kitupu, au juu ya fito kadhaa zilizopangwa kwa nafasi, ili hewa ipite chini na juu. Pasipokuwa na kichanja, mkeka huegemezwa kwa mshazari kwenye ua wa miti, mishono yake ikiwa imesimama wima ili maji yateremke kuifuata. Hugeuzwa kila baada ya saa moja, juu chini na mbele nyuma, maana maji hujikusanya katika ukingo wa chini.

Jua husaidia kukausha na kudhoofisha kuvu, lakini jua kali la siku nyingi hupausha rangi na kuyafanya majani kuwa makavu mno hadi yakatike yanapokunjwa. Saa tatu au nne za jua zinatosha. Baada ya hapo mkeka huhamishiwa kivulini penye upepo.

### Kwa nini mkeka uingizwe kabla ya jioni

Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi kuliko hewa ya baridi. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 23 za Selsiasi inaweza kubeba mvuke wa gramu 20 hivi. Ikiwa mchana wa Julai mjini Iringa hewa hiyo ina unyevu wa asilimia 45, maana yake imebeba gramu 9 na kidogo. Hiyo ni hewa kavu, na mkeka hukauka vizuri ndani yake. Usiku joto likishuka hadi nyuzi 10, hewa ileile haiwezi tena kubeba zaidi ya gramu 9 na kidogo. Imeshiba, ingawa hakuna tone la mvua lililoongezeka. Mvuke wa ziada huwa umande juu ya majani, mabati na mkeka ulioachwa nje.

Kwa sababu hiyo mkeka huingizwa ndani kwenye saa tisa na nusu au saa kumi alasiri, ungali na joto la jua. Haukunjwi hapohapo. Huegemezwa wazi ndani ya nyumba hadi upoe, kwa kuwa mkeka wa moto uliokunjwa hufungia mvuke ndani yake.

## Kupima ukavu

Kiganja hakitoshi kupima, hasa cha mtu aliyetoka kushika maji. Njia rahisi ni kukandamiza mshono na pindo kwenye shavu. Ngozi ya shavu huhisi ubaridi wa maji yanayogeuka mvuke hata pale kidole kisipohisi kitu. Mshono ukiwa wa baridi kuliko katikati ya ukili, bado una maji. Njia nyingine ni kuukunja mkeka kwa saa moja mahali pa joto, kisha kuufungua na kunusa katikati. Harufu ya majani makavu ni dalili njema, na harufu ya udongo au ya nguo iliyovunda ni dalili ya unyevu.

Njia ya uhakika zaidi ni mizani ya kuning'iniza kama ile ya sokoni. Tuchukue mfano wa mkeka wa ukindu uliopimwa kabla ya kuoshwa ukawa na kilo 1.5. Baada ya kuoshwa na kukandamizwa kwa khanga una kilo 2.1, kwa hiyo umebeba gramu 600 za maji. Umeanikwa saa nne asubuhi, na saa saba mchana una kilo 1.7. Saa tisa na nusu una kilo 1.6, na uso wake ni mkavu kabisa kwa kuushika. Mtu asiye na mizani angeukunja wakati huo. Gramu 100 zilizobaki ni kama nusu kikombe kidogo cha chai, na karibu zote zimo katika mishono na pindo. Mkeka huo hulala umeegemezwa ndani bila kukunjwa, huanikwa tena kesho yake kuanzia saa nne, na saa nane una kilo 1.5. Ukipimwa tena baada ya saa moja na uzito usibadilike, ndipo hukunjwa.

## Wakati wa masika

Tuseme mkeka huohuo uko Tukuyu mwezi Machi. Jua hutoka saa mbili au tatu tu asubuhi, kisha mvua hunyesha mchana. Hata kama gramu 400 zitatoka kabla ya mvua, gramu 200 zitakaa ndani ya mkeka usiku kucha, na kesho yake hali itakuwa hiyohiyo. Siku mbili za unyevu zinatosha kuanzisha ukungu. Uamuzi unaofaa ni kutoumwagia maji. Doa hupanguswa kwa kitambaa kilichokamuliwa sana, sehemu hiyo pekee, kisha hukandamizwa kwa kitambaa kikavu na kuachwa mahali penye upepo.

Kwa mkeka uliolowa bila kukusudiwa, kwa mfano kwa mkojo wa mtoto au bati linalovuja, jiko la kuni la nje husaidia. Mkeka hutundikwa juu katika banda la jikoni, angalau mita moja na nusu kutoka motoni, na hauachwi bila mtu. Moshi una kemikali zinazozuia kuvu, na hii ndiyo sababu vitu vilivyohifadhiwa darini juu ya mafiga hudumu. Hasara yake ni harufu ya moshi na rangi kuwa kahawia. Jiko la mkaa halifai kuwashwa ndani ya chumba kilichofungwa ili kukausha mkeka au kupasha joto, kwa sababu hewa ya sumu ya mkaa haina harufu wala rangi na huua watu usingizini.

## Chumvi, siki na dawa za kung'arisha

Baadhi ya watu hutia chumvi katika maji ya kuoshea ili rangi isitoke. Chumvi inayobaki katika mkeka huvuta maji kutoka hewani pale unyevu unapozidi asilimia 75, na hewa ya namna hiyo ni ya kawaida wakati wa masika. Mkeka huo hulowa bila kumwagiwa maji. Chumvi ikitumika, lazima isuuzwe vizuri. Mkojo nao huacha chumvichumvi, ndiyo maana doa la mkojo lililokauka bila kusuuzwa hurudi kuwa na unyevu kila mvua inaponyesha.

Siki iliyochanganywa na maji kiasi sawa hudhoofisha aina nyingi za kuvu na haiharibu majani. Hupakwa kwa kitambaa, huachwa nusu saa, hupanguswa kwa maji kidogo, kisha mkeka huanikwa. Dawa za kung'arisha nguo zenye klorini huondoa weusi wa doa lakini hudhoofisha nyuzi na kufuta rangi, na kuvu walio ndani ya jani huweza kubaki hai. Dawa hizo hazichanganywi kamwe na siki au ndimu, kwa kuwa hutoa gesi ya klorini inayounguza mapafu.

## Matumizi na uhifadhi

Mkeka wa kulalia hupata unyevu hata usipooshwa. Mwili hutoa jasho na mvuke usiku kucha, na mvuke huo ukifika kwenye sakafu ya baridi huishia kati ya mkeka na sakafu. Mkeka unaoachwa umetandikwa siku nzima haupati nafasi ya kukauka. Kwa hiyo huinuliwa kila asubuhi na kuegemezwa, upande wa chini ukielekea hewani.

Sakafu ya saruji iliyojengwa bila karatasi ya nailoni chini yake hupandisha unyevu kutoka ardhini. Hujaribiwa kwa kubandika kipande cha nailoni sakafuni, kingo zake zote zikiwa zimezibwa kwa gundi ya utepe, na kukiacha usiku kucha. Matone yakionekana upande wa chini wa nailoni, sakafu hiyo ndiyo chanzo cha ukungu, na kuosha mkeka mara kwa mara hakutasaidia. Mkeka huo hutandikwa juu ya mbao au fito.

Mkeka usiotumika hukunjwa kwa ulegevu na kuwekwa juu ya mbao au kutundikwa, mbali na ukuta wa nje ambao hupoa usiku. Hauwekwi ndani ya mfuko wa nailoni, maana unyevu mdogo uliobaki hauwezi kutoka. Wakati wa masika hufunguliwa na kupigwa upepo kila siku yenye jua.

## Mkeka uliokwisha kuota ukungu

Ukungu mweupe au wa kijivu, wenye unga unaopangusika, huwa bado uko juu. Mkeka hutolewa nje kwanza, hukaushwa juani, kisha hupigwa brashi na mtu aliyefunika pua na mdomo kwa kitambaa na kusimama upande upepo unakotoka. Kuupiga brashi ukiwa umelowa hupaka ukungu sehemu safi, na kuufanyia kazi hiyo ndani hueneza vijimbegu chumbani. Baada ya brashi hupanguswa kwa siki na kuanikwa siku mbili.

Madoa meusi yasiyopangusika yanaonyesha kuwa kuvu wameingia ndani ya jani. Hata wakifa, doa hubaki. Mkeka wa namna hiyo unaweza kutumika ikiwa hauna harufu na majani hayajadhoofika, lakini kuvu waliokufa nao huweza kusababisha kupiga chafya, kikohozi na kubanwa kifua, hasa kwa watoto na watu wenye pumu. Mkeka hufikia mwisho wake kama kulalia pale weusi unapoonekana pande zote mbili, majani yanapokatika kwa kukunjwa, au uvundo unaporudi baada ya kuanikwa vizuri mara mbili. Huo haulaliwi tena, na hubaki kufaa kwa kazi za nje tu.